Utani wa kujicheka mwanzoni mwa hotuba

"Natetemeka nikishika mikro. Nijitanie mwanzoni? Niupange ao niache uje wenyewe?"

Upange, tena uukariri neno kwa neno. Woga huwa mkali zaidi katika dakika ya kwanza, na hapo kichwa hakibuni kitu. Watu wakicheka, unapata nafasi ya kuvuta pumzi.

Anayesema kwamba utani wa kupanga unanuka ana haki nusu: unanuka ukiwa mrefu. Usizidi sentensi mbili.

Mimi ni mfupi. Kwenye ndoa moja hapa Bukavu, Kadutu, nilimaliza protokole yote, nikanyamaza kidogo, nikasema: "Wazazi wangu, msiningojee, tayari nimesimama." Sali ikacheka, mikono yangu ikatulia. Nikaendelea: "Lakini urafiki wangu na bwana arusi ni mrefu," nikaingia kwenye hotuba. Daraja hilo ndilo linalokuokoa wasipocheka: unapita tu, hungoji. Ukisimama kungoja kicheko, kila mtu anaona umeanguka.

Jicheke kwa kitu wanachokiona na kisichokuuma: urefu, upara, koti la kuazima. Usiseme "sijajitayarisha" wala "sijui kusema". Wasiokujua watakuamini, na woga utarudi mara mbili.

Na kwenye matanga? Hapo mimi sijitanii. Mjomba wangu hufanya, na watu humpenda, lakini yeye ni mzee.