Barua kwa dalali wa hisa: mauzo usiyoyaagiza na ada isiyoelezwa

"Niko Mafinga. Taarifa ya akaunti inaonyesha dalali ameuza hisa zangu 400 bila mimi kuagiza, tena amekata shilingi 35,000 za 'gharama nyingine'. Niandikeje barua?"

Ndugu, kabla ya kuandika, omba taarifa ya umiliki kutoka hifadhi kuu ya dhamana ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwani ndiyo itakayoonyesha kama hisa zimehama kweli au karatasi ya dalali ndiyo iliyokosewa.

Ukithibitisha, tenganisha madai mawili, maana yakichanganywa dalali hujibu lile jepesi na kulinyamazia zito:

"Sikuagiza mauzo ya hisa 400 ya tarehe iliyotajwa. Naomba nakala ya agizo lenye saini yangu, au rekodi ya simu au ya mtandao. Isipokuwepo, nirejeshewe hisa hizo bila gharama kwangu.

Aidha, naomba kifungu cha mkataba kinachoruhusu makato ya shilingi 35,000, pamoja na mchanganuo wake."

Weka ukomo wa siku 14 na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Fedha za mauzo usiziguse, kwa sababu kuzitoa kunaweza kutafsiriwa kuwa umeridhia. Akikaa kimya, peleka malalamiko Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Saini ikionekana imeghushiwa, muone wakili na utoe taarifa polisi.