Mkonga haulindi difu

Ndugu zangu mnaoanza kuendesha Land Cruiser mkonga kwenye barabara mbovu na mito ya masika, ule mkonga unalinda injini tu. Difu mbili na transfa ziko chini, na maji huzifikia mapema sana.

Maji yanaingiaje wakati hakuna kilichopasuka? Tuseme umetoka Mikumi kwenda Ifakara na mzigo, oili ya difu imefika nyuzi 90, kisha unaingia mtoni kwenye maji ya nyuzi 25. Hewa iliyomo ndani ya difu ikipoa kiasi hicho husinyaa karibu sehemu moja ya tano, na difu huvuta kufidia pengo. Kama tundu la kupumulia juu ya ekseli limezibwa na tope, itavuta maji kupitia sili. Kwa hiyo simama kando ya mto kama dakika 20, difu ipoe. Lililo bora zaidi ni kufunga mpira kwenye matundu ya difu zote na transfa, uupandishe mpaka juu ndani ya boneti. Ni kazi ya bei ndogo, na sioni sababu ya gari la porini kukosa.

Ukishavuka maji marefu, usingoje tarehe ya sevisi. Liache gari usiku kucha sehemu tambarare. Maji ni mazito kuliko oili, yatatulia chini. Asubuhi fungua kwanza boliti ya kujazia. Ikigoma, usiguse ya kumwagia, maana utabaki na difu tupu usiyoweza kuijaza. Ikikubali, legeza ya chini polepole na ukinge kwa chupa angavu. Yakitangulia maji, umeyapata kabla hayajachanganyika. Ikitoka oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ujue meno ya difu yameshayapiga maji na oili pamoja, na oili hiyo haifai tena. Mwaga yote, jaza mpya, tembea kilomita chache, kisha angalia tena. Bado ina weupe? Rudia.

Angalia pia sumaku ya boliti ya chini, kama ipo. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vyenye ncha si vya kawaida. Hapo difu ifunguliwe.

Difu ya kawaida hutumia GL-5, mara nyingi 80W-90, lakini yenye LSD, ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure, inataka oili iliyoandikwa LSD. Transfa fuata kitabu cha gari. Ukikuta oili ya transfa imezidi huku ya giaboksi imepungua, usipunguze tu ukaondoka: sili iliyo kati yao inapitisha, na giaboksi itaendelea kukauka.

Jaza mpaka oili ifike ukingo wa tundu la kujazia, gari likiwa tambarare. Baada ya siku mbili, chungulia ndani ya magurudumu ya nyuma. Ukiona oili imelowesha upande wa breki, sili ya ekseli imekufa, na palipotokea oili ndipo maji yataingilia.