Miduara mitatu ya masomo: kwa nini "Hisabati peke yake" inatoka −12

Swali: "Wakuu, naomba msaada. Wanafunzi wa kidato kimoja ni 120 na wana vipindi vya ziada vya jioni. 70 wanasoma Hisabati, 52 Fizikia, 60 Kemia. 30 wanasoma Hisabati na Fizikia, 34 Hisabati na Kemia, 26 Fizikia na Kemia, na 18 wanasoma yote matatu. Wangapi hawasomi hata moja, na wangapi wanasoma angalau mawili? Nimechora miduara, nikaweka namba kama zilivyo, ila Hisabati peke yake napata −12. Namba za swali zimekosewa?"

Ndugu, namba za swali ni sahihi, na hiyo −12 imekusaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu imekuonyesha kwamba kuna watu umewaondoa zaidi ya mara moja. Kama namba zingekuwa kubwa kidogo ungepata jibu chanya lisilo sahihi, ukaliandika na kuendelea bila wasiwasi.

Kosa limeanzia kwenye maneno "wanasoma Hisabati na Fizikia". Wewe umeyasoma kana kwamba mwishoni pana neno "tu". Hao 30 ni wote wanaosoma masomo hayo mawili, wawe wanasoma Kemia au hawaisomi, na kwa hiyo wale 18 wa masomo yote matatu tayari wamo ndani yao. Wamo pia ndani ya 34 na ndani ya 26. Ulipofanya 70 − 30 − 34 − 18, uliwaondoa wanafunzi hao hao 18 mara tatu, wakati walistahili kuondolewa mara moja. Zidisho ni mara mbili, yaani 36, nawe ukiongeza 36 kwenye −12 unapata 24, ambalo ndilo jibu sahihi la Hisabati peke yake.

Mchoro hujazwa kuanzia katikati kuelekea nje, kamwe si kinyume chake. Andika 18 mahali miduara yote mitatu inapokutana. Kisha nenda kwenye eneo linaloshirikiwa na Hisabati na Fizikia, ambalo lina umbo la jani: jani zima lina watu 30, lakini sehemu yake moja imeshajaa watu 18, kwa hiyo kwenye sehemu iliyobaki unaandika 12. Kwa njia hiyo hiyo sehemu ya Hisabati na Kemia bila Fizikia inapata 34 − 18 = 16, na ya Fizikia na Kemia bila Hisabati inapata 26 − 18 = 8. Sasa ndipo unapotoka kwenye sehemu za nje za miduara. Mduara wa Hisabati una watu 70, na ndani yake umeshaandika 12, 16 na 18, yaani 46, hivyo wanaosoma Hisabati peke yake ni 24. Fizikia peke yake ni 52 − 12 − 8 − 18 = 14, na Kemia peke yake ni 60 − 16 − 8 − 18 = 18. Hii 18 ya Kemia isikuchanganye na ile ya katikati, kwani zimelingana kwa bahati tu.

Mchoro sasa una sehemu saba, na hakuna mwanafunzi aliye katika sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo unaweza kuzijumlisha bila hofu: 24 + 14 + 18 + 12 + 16 + 8 + 18 = 110. Wasiosoma hata moja ni 10, na hao huandikwa nje ya miduara lakini ndani ya mstatili unaowakilisha kidato chote. Wanaosoma angalau masomo mawili ni 12 + 16 + 8 + 18 = 54. Wengi hapa hujumlisha 30, 34 na 26 wakapata 90, wakisahau kwamba kwa namna hiyo kila mmoja wa wale 18 wa katikati amehesabiwa mara tatu.

Njia ya kanuni inafika mahali pale pale bila kuchora:

```
n(H ∪ F ∪ K) = n(H) + n(F) + n(K)
             − n(H ∩ F) − n(H ∩ K) − n(F ∩ K)
             + n(H ∩ F ∩ K)

= 182 − 90 + 18 = 110
```

Wanafunzi wengi hukubali kwa urahisi kwamba jozi ziondolewe, lakini ile 18 inayorudishwa mwishoni huwaonekea kama mazingaombwe. Hata mimi niliikariri kwa miaka bila kuielewa, mpaka iliponiaibisha mbele ya wanafunzi.

Nilikuwa nafundisha katika shule moja ya sekondari, na kazi mojawapo niliyopewa ilikuwa kusimamia masomo ya jioni. Kila somo lilikuwa na daftari lake la mahudhurio, na kila mwanafunzi aliyejiandikisha, hata kama ni katika somo moja tu, alipata kikombe cha uji na andazi moja kabla ya vipindi kuanza. Ili nijue idadi ya maandazi ya kuagiza, nilijumlisha majina ya madaftari yote matatu. Kisha, kwa kuwa nilijua kuna waliojirudia, niliweka madaftari mawili mawili sambamba mezani, nikapitisha kidole kwenye majina, na kila jina lililoonekana katika yote mawili nikaliwekea alama ya kupunguza. Nilifanya hivyo kwa Hisabati na Fizikia, kisha Hisabati na Kemia, kisha Fizikia na Kemia. Nilijiona makini sana. Jioni ile maandazi yalipungua 11. Msichana mmoja aliyekuwa nyuma kabisa ya foleni alinyoosha kikombe chake na kuniuliza kwa adabu, "Mwalimu, mimi nimo katika madaftari yote matatu, inakuwaje ndiye ninayekosa?"

Nilirudi mezani nikalitafuta jina lake. Lilikuwa limeandikwa mara tatu, kwa hiyo kwenye jumla yangu ya kwanza alihesabiwa kama watu watatu. Lakini pia lilikuwa na alama tatu za kupunguza, moja kutoka kila jozi ya madaftari. Tatu kutoa tatu ni sifuri: kwenye hesabu yangu mwanafunzi huyo hakuwepo. Niliwahesabu wote wenye alama tatu, nikakuta ni 11 kamili, sawasawa na upungufu. Kwenye foleni bila shaka walikosa waliochelewa kufika, yeyote awaye, lakini kwenye karatasi waliofutika ni hao.

Ndiyo maana siku hizi, ninapotaka kuihakiki kanuni, simfuati mduara bali mwanafunzi mmoja, na ninauliza amehesabiwa mara ngapi. Mwenye somo moja amejumlishwa mara moja na hakuondolewa popote. Mwenye mawili amejumlishwa mara mbili, akaondolewa mara moja kwa sababu yumo katika jozi moja tu, akabaki mmoja. Mwenye matatu amejumlishwa mara tatu, akaondolewa mara tatu, akabaki sifuri, na ile nyongeza ya mwisho ndiyo inayomrudisha kuwa mtu mmoja.

Nigusie jambo jingine ambalo swali lako halikuliuliza lakini mitihani hulipenda. Tuseme hukupewa ile 18 ya katikati. Weka x katikati, ujaze mchoro kwa njia ile ile. Jozi zitakuwa 30 − x, 34 − x na 26 − x. Hisabati peke yake itakuwa 70 − 30 − 34 + x, yaani 6 + x. Fizikia peke yake itakuwa x − 4. Kemia peke yake itakuwa x tu. Ukijumlisha sehemu zote saba unapata 92 + x. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba 10 hawasomi hata moja, basi 92 + x = 110 na x ni 18, mambo yamekwisha. Lakini usipoambiwa lolote la ziada, swali halina jibu moja, na mchoro wenyewe unakuonyesha mipaka yake. Hakuna sehemu inayoweza kuwa na watu pungufu ya sifuri: Fizikia peke yake inadai x isiwe chini ya 4, na jozi ya Fizikia na Kemia inadai x isizidi 26. Namba yoyote kati ya hizo inawezekana, kwa hiyo wanaosoma angalau somo moja wanaweza kuwa 96, wanaweza kuwa 118. Nimekutana na majaribio yaliyotungwa kwa haraka yanayodai jibu moja katika hali kama hii, na mwanafunzi aliyeandika "taarifa hazitoshi" akanyimwa alama zake.

Kuhusu sehemu inayotoka sifuri: iandike sifuri, usiiache wazi wala usiifute. Mwingereza John Venn, aliyeuchapisha mchoro huu mwaka 1880, alikusudia kila mchanganyiko unaowezekana uwe na nafasi yake hata kama hauna mtu ndani. Ukiacha sehemu wazi, baadaye hutajua kama ilikuwa tupu au uliisahau.

Masomo yakiwa manne, usihangaike na miduara. Kila mwanafunzi ama anasoma ama hasomi kila somo, kwa hiyo panatakiwa sehemu 16 ukihesabu na ile ya nje, lakini miduara minne, hata uipange vipi, haitoi zaidi ya 14. Nimeona watu wakichora minne kwenye ubao kama maua, kisha wakashangaa kwamba hakuna mahali pa kumweka anayesoma somo la kwanza na la tatu tu. Kanuni lakini inaendelea: unajumlisha masomo manne, unaondoa jozi sita, unarudisha makundi manne ya matatu matatu, unaondoa kundi moja la yote manne. Mfuate tena mwanafunzi mwenye masomo yote: 4 − 6 ni −2, ukiongeza 4 anakuwa 2, ukiondoa 1 anabaki mmoja. Kwenye madaftari halisi, hata hivyo, masomo yakifika manne mimi huandika kila jina mara moja kwenye orodha moja, na mbele yake safu nne za alama. Kisha nahesabu mistari yenye alama walau moja, na maandazi yanatosha.