Sehemu saba nilizozifuta kwenye fomu ya wateja wangu

Nauza feni, blenda, pasi na televisheni. Nilipoacha daftari nikahamia Google Forms, nilitengeneza fomu ya sehemu 11: jina kamili, simu, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, barua pepe, mtaa, kazi, bidhaa, miezi ya waranti na "maelezo mengine". Nilijiona nimefanya la maana. Siku moja mama mmoja aliyenunua blenda, tena kwa fedha taslimu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, NIDA yangu ya nini? Kwani nakukopa?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilikaa na majibu yote niliyokwisha kukusanya. Kila sehemu nikaiuliza swali moja: mara ya mwisho kukutumia ilikuwa lini, na kwa kazi gani? NIDA sikuwahi kuitumia hata mara moja. Tena tarakimu nane za mwanzo za namba ile ndiyo tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo nilikuwa namuuliza mteja jambo lilelile mara mbili. Mtaa ndio nilidhani nauhitaji kwa ajili ya kupeleka mizigo, lakini mtu akiandika "nyuma ya msikiti, geti jeusi", bodaboda lazima ampigie simu tu. Simu ilitosha.

Sehemu iliyonishtua ni ile ya "maelezo mengine". Ukimpa mtu kisanduku kitupu atakijaza. Mmoja alieleza kwamba feni ni ya mgonjwa na ugonjwa wenyewe akautaja. Sikuuliza, lakini sasa habari ya afya ya mtu ilikuwa imelala kwenye simu ya kijana wangu wa dukani.

Zikabaki nne: jina la kumwitia, simu, bidhaa, miezi ya waranti. Kazi ya fomu ni kumtambua mtu akirudisha kitu kibovu, basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai hivyohivyo: taarifa zisizidi kusudi ulilozikusanyia, na zisikae muda mrefu kuliko kusudi lenyewe.

Hilo la kukaa ndilo gumu zaidi. Nilianza na "tutafuta kila mwaka", na mwaka ukapita bila mtu kufuta chochote. Sasa kila mteja ana tarehe yake ya kufutwa, maana waranti ya blenda kwangu ni miezi 6 na ya televisheni ni 12. Kwenye jedwali, safu ya A ni tarehe ya kujaza fomu na E ni miezi ya waranti, kwa hiyo safu ya F ina hii:

```
=EDATE(A2,E2)+30
```

Zile siku 30 ni za yule anayekuja wiki mbili baada ya waranti kuisha akidai kitu kiliharibika zamani. Blenda iliyonunuliwa tarehe 10 Januari inakoma 10 Julai, na tarehe ya jina kufutwa ni 9 Agosti. Ukiona tarakimu kama 46000 badala ya tarehe, badili muundo wa safu uwe wa tarehe. Fomula haijishushi yenyewe majibu mapya yakiingia. Naivuta kila tarehe mosi, siku ninayofuta wote ambao tarehe yao imeshapita.

Hapa ndipo nilipojidanganya kwa miezi kadhaa. Nilikuwa nafuta mistari kwenye jedwali, kumbe majibu bado yapo ndani ya fomu yenyewe. Hivi ni vitu viwili: kufuta upande mmoja hakugusi mwingine. Isitoshe, historia ya matoleo ya jedwali inaweza kurudisha mstari uliofutwa. Siku hizi nafuta pande zote mbili, na kila baada ya miezi michache naiunganisha fomu na jedwali jipya. Fomu humwaga humo majibu iliyobaki nayo tu. Narudishia safu ya F, kisha jedwali la zamani nalitupa na kumwaga pipa la taka la Google Drive, maana lisipomwagwa linakaa na faili kwa siku 30. Picha za skrini zilizotumwa WhatsApp ni vita nyingine. Nimekataza, na nakagua.

Kumbukumbu za mauzo kwa ajili ya kodi zinatakiwa kukaa miaka 5, nazo nazitunza. Lakini hizo ni za mauzo. Usizifanye kisingizio cha kukaa na simu ya mtu miaka mitano.

Wanaokopa wako kwenye daftari lao, pamoja na jina na simu ya mdhamini. Deni likiisha, ukurasa unachanwa mbele ya mwenyewe.

Gharama ipo. Mama yule wa blenda alirudi mwezi wa tisa, akataka nimtafutie alinunua lini. Nilimwambia jina lake nimeshalifuta, naomba risiti. Akapekua mkoba, akaitoa, waranti ilikuwa imeisha. Nikamfungia kisu kipya kwa bei ya kisu.