Kabla Hujabadilisha Shilingi Zako Kuwa Dola

Wiki iliyopita msomaji mmoja, muuza vitenge wa Kariakoo, aliniandikia akiuliza kama abadilishe shilingi milioni 25 kuwa dola na kuziweka benki kwa mwaka mmoja, kwa kuwa, kwa maneno yake, "dola haishuki." Swali hili nimelijibu sana barazani, na wapo waliokuwa wakinicheka kila nilipotoa kalamu. Safari hii nalijibu kwa maandishi.

Tuchukue namba za mfano. Dola moja ni shilingi 2,500, amana ya mwaka inalipa asilimia 8 kwa shilingi na 5 kwa dola, na mfumuko wa bei ni asilimia 3 Tanzania na Marekani pia. Kanuni ya ulinganifu wa uwezo wa kununua, katika kukadiria bei ya dola mwakani, hutazama mfumuko pekee: 2,500 × 1.03 ÷ 1.03, yaani dola itabaki 2,500. Kanuni ya kimataifa ya mwanauchumi Irving Fisher hutazama riba: 2,500 × 1.08 ÷ 1.05, yaani takribani 2,571.

Tofauti hiyo ya shilingi 71 ndiyo yenye habari. Fisher anachukulia kwamba faida halisi, baada ya kuondoa mfumuko, ni sawa kila nchi. Hapa ni kama asilimia 4.9 kwa shilingi na 1.9 kwa dola. Sehemu ya riba yetu ni malipo ya kubeba hatari ya shilingi, si utabiri kwamba itashuka. Kwa hiyo 2,571 mimi naisoma kama mpaka: dola isipouvuka, aliyebaki na shilingi ameshinda.

Kwa mteja wa kawaida mpaka uko juu zaidi. Benki ikimuuzia dola kwa 2,520, atapata dola 9,920.63, ambazo kwa riba zitakuwa 10,416.67. Shilingi zake zingekuwa milioni 27. Ili dola zimfikishe hapo, benki lazima izinunue kwa 2,592. Wengi wanaokimbilia dola hawaipigi hesabu hii, na nawasihi waipige.

Hata hivyo, msiabudu kanuni hizi kwa kipindi kifupi. Mwaka 2023 mfumuko wetu ulikuwa kama asilimia 3.8 na wa Marekani 4.1, kwa hiyo dola ilipaswa kubaki karibu pale pale. Badala yake ilipanda kutoka takribani 2,300 hadi takribani 2,500, kwa sababu dola ziliadimika nchini huku riba za Marekani zikipanda. Mfumuko huonekana kwenye thamani ya fedha kwa miaka mingi. Uhaba wa dola huonekana mara moja dirishani, ukiambiwa usubiri foleni.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa vitenge, kama hudaiwi dola, baki na shilingi ikiwa huamini kwamba benki itanunua dola kwa zaidi ya 2,592 mwakani. Kama mzigo wako unalipiwa kwa dola, nunua kiasi cha ankara hiyo tu.