Mama, Pesa Nilituma Alhamisi

Wiki jana mama yangu, aliye kwetu Luanda, Vihiga, alinirekodia sauti fupi: "Baba, kama huna, sema huna." Nimekaa Doha miaka mitano na hakuna neno lililowahi kunichoma hivyo. Shilingi 64,000 za mabati nilikuwa nimetuma, risiti ninayo mfukoni, na huko nyumbani kaka yangu anamnong'oneza kwamba nimeoa huku.

Kosa ni langu. Kila akiuliza nilimjibu "itaingia tu." Wewe unayetuma pesa nyumbani, usimjibu mzazi hivyo. Mpe siku. Jumatatu usiku ndipo nilipomwandikia:

"Mulembe mama. Pesa yako sijaila. Alhamisi jioni nilipotuma, benki ilikuwa imeshafunga kazi ya siku hiyo. Huku hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Jumapili walifungua wakaitoa, lakini haiji Kisumu moja kwa moja. Hugeuzwa dola, na dola hupitia benki ya Amerika, ambako Jumapili hawafanyi kazi. Leo wamefungua, ila asubuhi yao ni jioni yako, na benki ya Kisumu imeshafunga. Itazame kesho. Ikifika saa nane mchana bila ujumbe, usipoteze nauli kwenda mjini. Nipigie."

Alinyamaza, lakini angalau aliacha kumsikiliza kaka.

Jumanne haikuingia. Nikaenda benki nikaomba nakala ya SWIFT, karatasi inayoonyesha jina na akaunti ya mpokeaji kama zilivyotumwa. Hapo nikaona aibu yangu: nilikuwa nimeandika jina lake la kanisani na la marehemu baba, kumbe akaunti ina majina ya kitambulisho. Benki ya Kisumu ilikuwa nayo pesa, imeizuia kwa sababu jina halilingani. Nikajaza fomu ya kurekebisha, nikalipia, na siku mbili baadaye ikaingia.

Mtauliza kwa nini sikutuma kwa simu, ifike kwa dakika chache. Laini ya mama imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka. Sitasema zaidi. Ninyi sajilini laini za mama zenu kwa majina yao wenyewe, hata kama mnawapenda sana ndugu zenu.

Na kabla ya kutuma benki, mwombe picha ya kitambulisho alichofungulia akaunti, unakili jina herufi kwa herufi. Usitegemee kichwa. Mimi nilitegemea kichwa kwa mama aliyenizaa! Halafu ukiwa Katari, tuma Jumapili asubuhi. Alhamisi jioni ni kuilaza pesa njiani bure.

Ijumaa mama alipiga. Hakutaja kaka wala mke wangu wa uvumi. Alikuwa amehesabu, ikapungua karibu 2,700, ile ada ambayo benki ya katikati hujikatia.

"Baba," akasema, "hao Waamerika nao wanajenga nyumba gani?"