TIN ikikosekana, pacha haonekani

Ukipewa kazi ya kutengeneza kadi ya alama za ubora wa data kwenye ERP, anza na wasambazaji, bidhaa zitasubiri. Mifumo mingi hukagua ankara iliyojirudia ndani ya akaunti ya msambazaji mmoja tu, kwa hiyo aliyesajiliwa mara mbili anaweza kulipwa ankara ileile mara mbili na mfumo usipige kelele.

Wengi hupima rekodi pacha, sehemu zilizo wazi na rekodi zilizolala kana kwamba havihusiani. Tuseme una wasambazaji 1,000 wa Tanzania, na wenye TIN ni 700. Unatafuta TIN zilizojirudia, unakuta rekodi 21 za ziada, yaani asilimia 3 ya hao 700. Mwezi unaofuata watu wa manunuzi wanajaza TIN 200 zilizokosekana, na pacha waliojificha wanaibuka: 45 kati ya 900, asilimia 5. Data imeboreka, lakini alama ya pacha imeharibika. Mweleze bosi kabla ya kikao, si ndani ya kikao. Na chini ya kila alama andika umegawanya kwa ngapi. Ukigawanya kwa 1,000, wale 300 ambao hukuweza kuwapima unawahesabu kuwa safi bila ushahidi wowote.

Kwenye SAP, kama TIN mnaiweka kwenye `STCD1`, inatosha hivi:

```sql
SELECT REPLACE(STCD1,'-','') AS TIN, COUNT(*)
FROM LFA1
WHERE LAND1='TZ' AND LOEVM<>'X'
  AND LENGTH(REPLACE(STCD1,'-',''))=9
GROUP BY REPLACE(STCD1,'-','')
HAVING COUNT(*)>1
```

Vistari vinaondolewa kwa sababu karani mmoja huandika 123-456-789 na mwenzake 123456789. Sharti la tarakimu tisa linatupa nje takataka kama "N/A", ila 999999999 itapita. Hiyo huandikwa na mtu aliyelazimishwa na mfumo kujaza, na kwenye kadi ihesabike kama sehemu iliyo wazi. Ukiona TIN moja ina rekodi kumi na majina kumi tofauti, ndiyo hiyo.

Wanaobaki ni washukiwa tu. Matawi ya kampuni moja hutumia TIN moja, na wahasibu wengine hufungua rekodi ya shilingi na nyingine ya dola. Linganisha akaunti za benki na anwani kabla ya kupendekeza kuunganisha.

Kwa rekodi zilizolala, usitumie tarehe ya badiliko la mwisho. Mtu akibadilisha masharti ya malipo ya wasambazaji wote kwa mkupuo, kila mfu anafufuka siku hiyo. Tumia tarehe ya ankara au oda ya mwisho, ukiwaacha nje waliosajiliwa karibuni ambao hawajapata oda. Kikomo cha miezi 24 hunifaa, lakini rekodi ya msambazaji anayewadai na hajalipwa haifungwi, hata awe kimya miaka mitatu.